Barua ya Madai kwa Kiswahili: Kutafsiri Kiasi, Muda na Onyo la Wakili

Barua ya madai ni barua ambayo wakili humwandikia mtu anayedaiwa, kwa niaba ya mteja wake, kumtaka alipe deni ndani ya muda uliotajwa kabla shauri halijafunguliwa mahakamani. Mawakili wengi wa Tanzania huiita notisi ya madai. Barua hiyo ina kazi mbili. Humpa mdaiwa nafasi ya mwisho ya kulipa, kupinga deni au kuomba mapatano. Tena hugeuka kuwa ushahidi, kwa sababu shauri likifunguliwa huambatishwa kwenye hati ya madai ili mahakama ione kwamba mdaiwa alitakiwa kulipa na hakulipa. Nchini Kenya, Kanuni za Mwenendo wa Mashauri ya Madai za mwaka 2010 zinaitaja barua hiyo miongoni mwa nyaraka ambazo mdai huzileta pamoja na hati yake ya madai.

Barua nyingi za aina hii huandikwa kwa Kiingereza, maana sheria ya mikataba na vitabu ambavyo mawakili walisomea viko katika lugha hiyo. Anayeipokea mara nyingi ni mwenye duka, mkulima au fundi aliyechukua mali kwa mkopo, na mazungumzo yote ya deni aliyafanya kwa Kiswahili. Kwa upande wa mahakama nako mambo yamebadilika. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapohitaji hivyo. Kwa hiyo tafsiri ya barua ya madai huweza kusomwa na watu wawili tofauti kabisa: mdaiwa anayetaka kujua alipe nini na lini, na hakimu anayetaka kujua mdaiwa aliambiwa nini hasa. Mfasiri anawaandikia wote wawili kwa sentensi zilezile.

Mfano mmoja wa kubuni, wa deni la kawaida, unatosha kuonyesha kazi ilivyo. Muuzaji wa jumla wa vifaa vya ujenzi wa Kariakoo, Dar es Salaam, aliwapelekea ndugu wawili wenye duka Morogoro saruji, nondo na mabati yenye thamani ya shilingi 27,350,000 tarehe 14 Machi 2024. Walilipa shilingi 9,000,000 mwezi Mei, wakabaki na deni la shilingi 18,350,000. Mkataba waliotia saini unasema kwamba salio litatozwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi kuanzia tarehe 14 Juni 2024, na kwamba kila mmoja wa ndugu hao anabeba deni lote. Barua ya wakili ina tarehe 3 Februari 2025. Inadai deni la msingi, riba iliyofikia tarehe 14 Januari 2025, na shilingi 500,000 za gharama ya notisi, na inatoa siku 14 tangu barua ipokelewe. Hakuna jambo gumu hapo. Hata hivyo, karibu kila sentensi ya barua hiyo ina mahali ambapo Kiswahili kinaweza kubadili deni, tarehe au wajibu bila mfasiri kujua.

Jambo la kwanza ni nani anadaiwa. Kiingereza hutumia neno moja kwa wewe na ninyi, hivyo wakili anaweza kuandika barua nzima bila kuonyesha kama anasema na mtu mmoja au wawili. Kiswahili hakimruhusu mfasiri kukwepa. Kila kitenzi kitadai uamuzi: unatakiwa au mnatakiwa, ulipe au mlipe, ukishindwa au mkishindwa. Jibu halimo katika sentensi, limo katika anwani ya barua na katika mkataba. Barua ikielekezwa kwa ndugu wote wawili, ni mnatakiwa tangu mwanzo hadi mwisho. Ikielekezwa kwa kampuni, wingi wa heshima unafaa pia, lakini lazima jina kamili la kampuni litajwe, kwa sababu kampuni ni mtu wa kisheria tofauti na mkurugenzi wake. Mfasiri anayeandika "wewe" katika barua iliyotumwa kwa kampuni anaweza kumfanya mkurugenzi aamini kwamba nyumba yake mwenyewe ndiyo inayodaiwa.

Viwakilishi vya nafsi ya tatu vina mtego wao. Kiingereza hutofautisha mwanamume na mwanamke, ilhali Kiswahili huwaweka wote wawili chini ya a- na -ake. Sentensi kama "mteja wetu alimkabidhi mali yake" haisemi mali ni ya nani. Katika barua ya madai dawa ni kurudia majina bila haya: "Muuzaji aliwakabidhi Wanunuzi mali hiyo", na kuendelea na Muuzaji na Wanunuzi mpaka mwisho. Urudiaji huo haupendezi sikioni, lakini katika waraka wa namna hii sikio linapaswa kusubiri. Maneno mdai na mdaiwa yanafaa vilevile, mradi yaangaliwe mara mbili kila yanapotokea, kwa kuwa silabi moja tu ndiyo inayomtenganisha anayelipwa na anayelipa.

Hatari kubwa zaidi imo katika fungu la maneno ambalo wanasheria hutumia kusema kwamba wadaiwa wanabeba deni kwa pamoja na pia kila mmoja peke yake. Maana yake kisheria ni kwamba mdai anaweza kumfuata ndugu yeyote kati ya wawili kwa shilingi zote 18,350,000, kisha aliyelipa ndiye atafute sehemu ya mwenzake. Neno la pili la fungu hilo linafanana na neno la kawaida la Kiingereza lenye maana ya "kadhaa", na kwa sababu hiyo huonekana tafsiri kama "kwa pamoja na mara kadhaa", ambayo haina maana yoyote. Wengine huliacha neno hilo na kubakiza "kwa pamoja" tu. Kosa hili la pili ni baya zaidi kwa sababu linasomeka vizuri. Mdaiwa atakayesoma "mnadaiwa kwa pamoja" atagawa kwa mbili, atapeleka shilingi 9,175,000 na kuamini kwamba amemaliza. Tafsiri salama ni ndefu kidogo: "mnadaiwa kwa pamoja, na pia kila mmoja wenu peke yake anawajibika kulipa deni lote."

Baada ya watu huja fedha. Tarakimu hazitafsiriwi, hunakiliwa, na kunakili kwenyewe kunataka uangalifu. Barua ya Kiingereza ya Afrika Mashariki na tafsiri yake ya Kiswahili hutumia mkato kutenga maelfu na nukta kutenga senti, hivyo 18,350,000.00 hubaki vilevile. Mambo ni tofauti barua inapotoka Kongo au Burundi ikiwa imeandikwa kwa Kifaransa, ambako mkato ndio hutenga desimali. Mfasiri anayeihamishia barua hiyo kwa msomaji wa Tanzania lazima ageuze alama, na pia aandike jina kamili la sarafu. Faranga peke yake haitoshi, kwa kuwa kuna faranga ya Kongo, ya Burundi na ya Rwanda, kama vile shilingi peke yake huweza kuwa ya Tanzania, ya Kenya au ya Uganda.

Kiasi kilichoandikwa kwa maneno ndicho kinachohitaji kufikiriwa. Kiswahili hutaja kipimo kwanza na idadi baadaye, na kiungo "na" hufanya kazi mbili: huunganisha tarakimu ndani ya idadi, na huunganisha kipimo kimoja na kingine. Kwa sababu hiyo "elfu ishirini na tano" huweza kuwa 25,000 na huweza kuwa 20,005. Sokoni hakuna anayekosea, kwa kuwa bei ya kitu inajulikana. Katika barua ya wakili hakuna bei ya kukisia. Katika mfano wetu deni la msingi pamoja na riba ni shilingi 20,919,000. Ikiandikwa "milioni ishirini, laki tisa na elfu kumi na tisa", msomaji mbishi anaweza kudai kwamba imeandikwa 20,910,009. Njia iliyozoeleka ya kuondoa utata ni kuweka elfu mwishoni mwa idadi yake: "milioni ishirini, laki tisa na kumi na tisa elfu tu". Neno "tu" hapo hufunga mlango, kama lifanyavyo kwenye hundi. Kutegemea mkato peke yake hakutoshi, kwa sababu barua nyingi husomwa kwa sauti mbele ya familia au mbele ya mjumbe, na mkato hausikiki.

Utata wa namna hiyohiyo umo katika "milioni mbili na mia tano", ambayo mmoja ataisikia kuwa 2,000,500 na mwingine kuwa 2,500,000. Hapo "laki tano" huokoa. Laki ni neno la kila siku Tanzania na pwani ya Kenya, na hakuna sababu ya kuliona haya katika waraka wa kisheria.

Ikitokea tarakimu na maneno ya barua ya asili hayalingani, mfasiri hachagui. Katika hundi, sheria hufuata kiasi kilichoandikwa kwa maneno, lakini barua ya madai si hundi, na hakuna kanuni ya kumpa mfasiri mamlaka ya kuamua. Anamuuliza wakili. Asipopata jibu, hunakili vyote viwili kama vilivyo na kuweka maelezo mafupi pembeni kwamba ndivyo ilivyo katika barua ya asili.

Riba inahitaji mambo manne yaonekane katika sentensi moja: kiwango, kipindi, kiasi kinachotozwa, na siku ya kuanza na ya kuishia. Ukikosa kipindi, umekosa yote. Asilimia 2 kwa mwezi juu ya shilingi 18,350,000 ni shilingi 367,000 kila mwezi. Kuanzia tarehe 14 Juni 2024 hadi tarehe 14 Januari 2025 ni miezi 7, hivyo riba ni shilingi 2,569,000. Mfasiri akiandika "riba ya asilimia 2" bila kusema kwa mwezi, na msomaji akaelewa kwamba ni kwa mwaka, riba ya miezi hiyohiyo inashuka hadi shilingi 214,083 hivi. Pia lazima ijulikane kama riba ni ya kawaida, inayohesabiwa juu ya deni la msingi pekee, au ni riba juu ya riba. Kwa namna ya pili, deni la mfano huu lingefika kiasi cha shilingi 21,078,000 badala ya 20,919,000. Kwa sababu hiyo tafsiri husema wazi: "riba ya asilimia 2 kwa mwezi juu ya deni la msingi la shilingi 18,350,000, kuanzia tarehe 14 Juni 2024 hadi deni lote litakapolipwa."

Barua nyingi hutaja pia riba nyingine itakayoombwa baada ya hukumu, kwa kiwango cha mahakama. Hiyo ni riba tofauti na ya mkataba. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania, riba juu ya kiasi kilichoamriwa na hukumu ni asilimia 7 kwa mwaka, au kiwango kingine ambacho wahusika wamekubaliana waziwazi kisichozidi asilimia 12. Mfasiri hana haja ya kuandika asilimia hizo kama wakili hakuziandika. Anachopaswa kulinda ni mpaka kati ya riba mbili: moja inaenda sasa, nyingine itaanza siku ya hukumu, kama hukumu itakuwepo. Mdaiwa asiyeuona mpaka huo huamini kwamba anatozwa zote mbili leo.

Mfasiri mzuri wa barua ya madai hushika kikokotoo. Hukata shilingi 9,000,000 kutoka 27,350,000, huzidisha riba kwa miezi, hujumlisha gharama ya notisi, na kuangalia kama jumla ya barua inafika 21,419,000. Hesabu isipokubali, kuna uwezekano kwamba amesoma vibaya mwezi au tarehe, na hapo atajirekebisha. Kuna uwezekano pia kwamba wakili ndiye aliyekosea. Katika hali hiyo hasahihishi kimyakimya, kwa sababu tafsiri itakayodai kiasi tofauti na barua iliyotiwa saini itakuwa silaha mkononi mwa upande wa pili.

Muda wa kulipa ndio sehemu inayoharibika kwa urahisi kuliko zote, na mara nyingi huharibika kwa neno dogo. Kwa deni la kawaida kati ya watu binafsi, siku zinazotolewa hutoka kwa wakili au katika mkataba. Anaweza kutoa siku 7, 14 au 21. Hali ni tofauti pale serikali inaposhtakiwa kwa madai Tanzania, ambapo Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, inataka notisi ya siku 90. Hizo ni siku za sheria, na hakuna barua inayoweza kuzipunguza. Katika barua ya kawaida siku ni za barua yenyewe, kwa hiyo maneno ya barua ndiyo kipimo pekee.

Swali la kwanza ni siku zinaanza kuhesabiwa wapi. Kuna barua zinazosema siku 14 tangu tarehe ya barua, na kuna zinazosema siku 14 tangu kuipokea. Katika Kiingereza cha mawakili tofauti hiyo hubebwa na neno moja au mawili ya kizamani, nayo hupotea kwa urahisi tafsiri inaposema tu "ndani ya siku 14". Barua yetu iliandikwa Jumatatu tarehe 3 Februari 2025 na kupokelewa dukani Morogoro Alhamisi tarehe 6. Siku zikihesabiwa tangu tarehe ya barua, mwisho ni tarehe 17 Februari. Zikihesabiwa tangu kupokelewa, mwisho ni tarehe 20. Na mtu anayeianza hesabu kwa siku yenyewe ya kupokea atafika tarehe 19, ingawa kanuni ya kawaida ya kuhesabu muda katika sheria ni kwamba siku ambayo tukio lilitokea haihesabiwi. Tarehe tatu tofauti zimetoka katika sentensi moja isiyokamilika. Tafsiri inayofaa ni: "ndani ya siku 14 tangu siku mtakapoipokea barua hii, siku ya kupokea isihesabiwe", lakini sehemu ya mwisho iongezwe tu ikiwa wakili ameisema au amekubali iongezwe.

Inafaa kusisitiza hapo kwamba mfasiri haruhusiwi kugeuza siku kuwa tarehe kwa hesabu yake mwenyewe. Kuandika "mlipe kufikia tarehe 17 Februari" kunaonekana kuwa msaada, na kwa msomaji ni rahisi zaidi kuelewa. Lakini mfasiri hajui barua itapokelewa lini, na akikosea amempa mdaiwa muda mfupi au mrefu kuliko aliopewa na wakili.

Siku za kazi ni suala jingine. Barua ikisema siku 14 za kazi, Jumamosi, Jumapili na sikukuu hutoka katika hesabu, na kwa barua iliyopokelewa tarehe 6 Februari mwisho unasogea hadi tarehe 26. Neno "kazi" likidondoka katika tafsiri, mdaiwa amepoteza siku 6. Likiongezwa pale ambapo halipo, mdai ndiye anayecheleweshwa.

Maneno ya mpaka nayo yanataka kupimwa. "Kabla ya tarehe 20" huiacha tarehe 20 nje. "Ifikapo tarehe 20" huacha shaka kama siku yenyewe imo. Kiingereza kikisema siku hiyo au kabla yake, Kiswahili kina uwezo wa kusema hivyohivyo bila kona: "tarehe 20 au kabla ya hapo". Vilevile "baada ya siku 14" si sawa na "ndani ya siku 14". La kwanza husema lini shauri linaweza kufunguliwa, la pili husema lini fedha ziwe zimelipwa.

Kisha kuna saa. Barua nyingi humalizia muda kwa saa ya kufunga ofisi, tuseme saa 4:00 alasiri kwa hesabu ya Kiingereza. Mfasiri anayenakili tarakimu tu na kuandika "saa 4:00" amemwambia msomaji wa Kiswahili saa nne, na wengi wataelewa saa nne asubuhi, saa sita kabla ya muda uliowekwa. Saa sahihi ni saa kumi jioni. Kwa kuwa wasomaji wengine wamezoea saa za simu, ni vizuri kuandika zote mbili: "saa kumi kamili jioni (16:00)". Mwezi pia uandikwe kwa jina. Tarehe 03/02/2025 ni 3 Februari kwa msomaji wa Dar es Salaam, lakini kwa jamaa anayeisoma akiwa Marekani ni 2 Machi.

Sehemu ya mwisho ya barua ni onyo, na hapa kosa la kawaida ni kuzidisha ukali. Wakili huandika kwamba asipolipwa ameelekezwa kufungua shauri mahakamani bila taarifa nyingine. Tafsiri nyingi hugeuza maneno hayo kuwa "hatua kali za kisheria zitachukuliwa dhidi yenu" au "mtashtakiwa". Neno "kali" halimo katika barua. Na kushtakiwa, katika masikio ya wengi, ni kupelekwa polisi na kusimama kizimbani. Deni la saruji na nondo ni shauri la madai: kuna mdai na mdaiwa, hakuna mshtakiwa, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Barua inayomfanya mdaiwa aamini kwamba atafungwa kwa kutolipa ndani ya siku 14 imempa habari ya uongo, hata kama wakili hakukusudia, na mwenye duka mwenye hofu anaweza kuuza mali ya duka kwa bei ya kutupa au kulihama duka. Tafsiri ya kweli ni tulivu: "Mkishindwa kulipa ndani ya muda huo, tumeelekezwa na mteja wetu kufungua shauri la madai dhidi yenu mahakamani bila kuwapa taarifa nyingine."

Kila kitenzi cha onyo hubeba kiwango chake cha uhakika, nacho lazima kibaki. "Atafungua" si "anaweza kufungua", na "tumeelekezwa kufungua" si sawa na yote mawili: linaeleza maagizo ambayo wakili amekwisha kupewa. Kadhalika gharama. Barua husema kwamba mdaiwa atabeba hatari ya gharama za shauri, yaani mdai ataiomba mahakama imwamuru mdaiwa kulipa. Mahakama ndiyo itakayoamua. Mfasiri akiandika "mtalipa gharama zote za kesi" ameitolea mahakama uamuzi wake mapema.

Mpangilio wa hatua pia uheshimiwe. Barua haikamati mali. Kukamata mali huja baada ya hukumu na maombi ya kukazia hukumu, kisha dalali wa mahakama hutumwa kwa amri ya mahakama. Sheria ya Tanzania inayo hata njia ya kumweka mdaiwa katika kifungo cha madai, lakini hiyo nayo ni hatua ya kukazia hukumu, kwa utaratibu wake na kwa amri ya mahakama. Wakili akizitaja hatua hizo, zitajwe kwa mfuatano huohuo. Asipozitaja, zisiongezwe ili kunogesha onyo.

Kuna kifungu kimoja cha Kiingereza ambacho kimewaangusha wengi. Huandikwa juu ya barua kwa herufi kubwa, au ndani yake katika sentensi ya mwisho, na neno lake kuu katika matumizi ya kila siku humaanisha ubaguzi au chuki. Tafsiri ya "bila ubaguzi" au "bila chuki" hutokea mara nyingi, nayo ni kosa tupu. Kinapokaa ndani ya barua, kifungu hicho huhifadhi haki: "bila kuathiri haki nyingine yoyote ya mteja wetu". Kinapokaa juu ya barua ya mapatano, humaanisha kwamba yaliyomo yametolewa kwa ajili ya kusuluhisha na hayapaswi kutumiwa mahakamani kama kukiri. Mfasiri hutazama kilipokaa ndipo achague. Akikikuta juu ya barua ya madai ambayo wakili anakusudia kuitoa kama ushahidi, kuna jambo la kumuuliza wakili kabla ya kuendelea.

Barua ikishafika, mara nyingi jibu hurudi kwa Kiswahili na kutafsiriwa kwenda Kiingereza, na hapo uzito hauko chini. Sheria ya Ukomo wa Muda ya Tanzania, Sura ya 89, hutoa miaka 6 ya kufungua shauri linalotokana na mkataba, na Kenya ina muda huohuo. Lakini mdaiwa akikiri deni kwa maandishi yaliyotiwa saini, au akilipa sehemu yake, muda huanza upya. Ndugu wa Morogoro wakiandika "tunaomba mtuvumilie hadi mavuno, tutalipa kilichobaki", wameandika maneno ambayo mdai anaweza kuyatumia kama kukiri. Wakiandika "tunaomba mtuonyeshe hesabu ya mnachodai", hawajakiri lolote. Kiswahili cha heshima huanza na kuomba radhi na kusihi, na mfasiri asiyetulia anaweza kuigeuza adabu kuwa kukiri, au kukiri kuwa adabu. "Samahani kwa usumbufu" si "samahani kwa kuchelewesha deni lenu". Neno deni likiwa halimo katika jibu, lisiingizwe. Likiwa limo, lisifichwe.

Kabla ya kutoa tafsiri, kuna ukaguzi mmoja unaoshinda mwingine wowote. Mtu wa pili ambaye hajaiona barua ya asili hupewa tafsiri peke yake na kuulizwa maswali machache: nani amlipe nani, kiasi gani, katika akaunti ipi, mwisho ni lini na saa ngapi, na nini kitafuata asipolipa. Majibu yake hulinganishwa na barua ya Kiingereza. Pale anapositasita ndipo tafsiri ina tatizo, hata kama kila neno lake limo katika kamusi. Namba ya akaunti husomwa tarakimu moja moja na watu wawili.

Tafsiri hutolewa ikiwa imeambatanishwa na barua ya asili, kila ukurasa ukiwa na namba, pamoja na tamko la mfasiri lenye jina lake, tarehe na saini, kwamba ni tafsiri kamili ya barua iliyoambatishwa. Pale inapotakiwa ithibitishwe rasmi, Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ni mahali pa kwenda kwa Tanzania. Mhuri, saini na maandishi ya mkono yaliyomo katika barua ya asili hutajwa mahali pake kwa mabano ya mraba, mfano [saini] au [mhuri wa ofisi ya wakili], wala hayachorwi upya. Wakili akitaka, huongezwa sentensi ya kusema ni nakala ipi itafuatwa iwapo zitatofautiana. Sentensi hiyo lazima iwe ya wakili mwenyewe na iwekwe katika lugha zote mbili, kwa sababu mdaiwa anayesoma Kiswahili peke yake ana haki ya kujua kwamba maneno anayoyategemea siyo yatakayoamua. Anayepokea hutia saini na tarehe kwenye nakala au katika daftari la kupelekea barua, na kuanzia siku hiyo iliyoandikwa ndipo siku 14 zinahesabiwa.